Faiba Ikikatika, Laini ya Akiba Itakubeba kwa Kasi Gani?

Ijumaa moja, saa kumi jioni, shemeji yangu alinipigia simu kutoka Tabata. Yeye hutengeneza kadi na albamu za harusi. Ofisi yake ni chumba cha uani, kompyuta moja na printa ndogo ya sampuli. "Shemeji, intaneti ipo lakini haipo," aliniambia. Ruta inawaka kijani, kompyuta inasema imeunganishwa, lakini faili la kadi mia tatu halisogei, na fundi wa kuchapa kule Kariakoo anataka kufunga duka. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mwezi mmoja nyuma alikuwa amejiandaa kwa siku kama hiyo hiyo. Alinunua modemu ya mezani ya 4G, akasajili laini kwa kitambulisho chake cha NIDA, akaweka kifurushi, akaichomeka kwenye ruta mpya yenye matundu mawili ya intaneti. Modemu ilikuwa pale pale nyuma ya televisheni, inapepesa taa zake, na haikumsaidia kitu.

Nilipofika nilimkuta ameshatuma faili kwa kuwasha hotspoti ya simu yake. Nikaenda moja kwa moja kwenye kiboksi cheupe cha faiba ukutani, kile kinachoingiliwa na waya mwembamba. Taa iliyoandikwa `LOS` ilikuwa inapepesa nyekundu. Taa hiyo ikiwaka nyekundu, maana yake mwanga unaotoka kwa kampuni haufiki nyumbani kwako. Nje ya geti, hatua chache tu, wachimbaji wa mtaro walikuwa wameukata waya. Lakini kiboksi chenyewe kilikuwa kizima na kina umeme, na waya mfupi unaotoka kwenye kiboksi kuingia kwenye ruta ulikuwa mzima pia. Ruta ilikuwa inautazama waya huo mfupi tu. Kwa akili yake faiba ilikuwepo, kwa hiyo haikuona sababu ya kuhamia kwenye modemu.

Hilo ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kwenye nyumba za watu waliokwisha kutoa fedha kununua laini ya pili. Wanaijaribu kwa kuchomoa waya wa ruta, wanaona modemu imeshika kazi, wanaridhika. Ila faiba haikatiki sebuleni kwako. Hukatika barabarani, au kwenye mitambo ya kampuni, au kifurushi cha mwezi kinaisha usiku wa manane, na katika hali zote hizo waya wa sebuleni unabaki umechomekwa na taa inabaki kijani.

Dawa yake ni kuiambia ruta isitazame waya, bali igonge mlango wa mbali na kusubiri mtu aitike. Kwenye ruta nyingi za WAN mbili kuna ukurasa wa mipangilio unaoitwa `Online Detection`, `Link Detection` au jina linalofanana na hayo. Pale unaandika anwani ambayo ruta itakuwa inaibisha hodi kila baada ya sekunde kadhaa. Anwani zinazotumika sana ni `8.8.8.8` ya Google na `1.1.1.1` ya Cloudflare, kwa sababu huitika saa zote. Weka zote mbili, na chagua kwamba faiba ihesabiwe imekufa pale tu ambapo zote mbili zimenyamaza. Ukiweka moja peke yake, siku hiyo moja ikipata hitilafu ruta yako itahama bila sababu.

Wenye ruta za MikroTik, ambazo mafundi wengi wa kwetu wanazipenda, wawe waangalifu kidogo. Zina kipengele cha `check-gateway=ping`, ambacho hugonga kila sekunde 10 na kuitangaza njia imekufa baada ya kukosa jibu mara mbili. Kinafanya kazi vizuri, ila kinagonga mlango wa kwanza tu baada ya ruta. Kama mlango huo wa kwanza ni kile kiboksi cha ukutani kwako, utaitikiwa hata kama barabara nzima imechimbuliwa. Mwambie fundi aweke njia inayohakiki anwani ya mbali. Fundi aliyezoea MikroTik anaijua kazi hiyo na haimchukui muda.

Kwa shemeji tuliweka ruta igonge kila sekunde 5, na ihame ikikosa jibu mara 3 mfululizo. Aliniuliza swali la maana: kwa nini tusiiweke igonge kila sekunde moja, ihame papo hapo? Kwa sababu hata faiba nzima hupoteza jibu moja moja, hasa wakati unapopandisha faili kubwa na njia imejaa. Ruta yenye wasiwasi itakimbilia kwenye modemu, sekunde chache baadaye itarudi kwenye faiba, halafu itakimbia tena. Kila ikihama, simu ya video inakatika na tovuti ya benki inakutoa nje. Afadhali ukimya wa sekunde ishirini mara moja kwa mwezi kuliko mikatiko midogo kumi kila siku.

Baada ya kupanga hivyo tulifanya jaribio la kweli. Hatukugusa waya wa ruta. Tuliuchomoa polepole ule waya wa faiba wenye kichwa cha kijani chini ya kiboksi, bila kuchungulia ndani yake maana mwanga wake una madhara kwa jicho, tukauvika kofia yake ya plastiki usiingie vumbi. Mimi nilishika saa. Yeye alikuwa na simu ya WhatsApp na dada yake aliyeko Mwanza, kompyuta ilikuwa inapandisha faili, na kwenye simu nyingine tulifungua tovuti ya habari.

Sekunde kumi na saba za mwanzo palikuwa kimya kabisa. Huo ndio muda wa ruta kugonga, kukosa jibu na kuamini. Kufika sekunde ya ishirini na mbili tovuti ya habari ilifunguka. Simu ya WhatsApp iliandika kwamba inajaribu kuunganisha tena, na sauti ya dada ikarudi kwenye sekunde ya thelathini hivi, ikiuliza, "Hee, mmenikatia?" Faili lilisimama karibu dakika nzima kabla ya kuendelea. Ukurasa wa benki aliokuwa ameuacha wazi ulimtaka aingie upya.

Tofauti hizo zina sababu moja. Kila laini ina anwani yake kwenye intaneti. Ruta inapohama kutoka faiba kwenda kwenye modemu, ni kama umehama nyumba katikati ya maongezi: yule unayezungumza naye bado anapeleka majibu kwenye nyumba ya zamani, na hayakufikii. Tovuti ya habari haina shida kwa sababu kila unapobonyeza ni safari mpya. WhatsApp imetengenezwa kwa ajili ya watu wanaotembea, kwa hiyo inagundua haraka na kupiga tena kwa anwani mpya. Benki inaona mtu aliyeingia kutoka anwani moja amezuka ghafla kwenye nyingine, na kwa usalama wako inamtoa. Unayeingia kwenye kompyuta ya ofisi ukiwa nyumbani, kwa kutumia VPN, tegemea kukatika na kuunganisha upya, wakati mwingine kwa kuandika tena neno la siri. Hakuna mpangilio wa ruta ya kawaida ya nyumbani utakaoondoa jambo hili. Kinachowezekana ni kulifupisha.

Njia moja ya kulifupisha ni kuiacha modemu ikiwa imeunganishwa na mtandao muda wote. Modemu nyingi zina chaguo la kuunganisha pale tu inapohitajika, na mtu anaweza kuliona ni la kubana matumizi. Usilichague. Modemu iliyolala inahitaji kutafuta mnara, kujitambulisha na kupewa anwani ndipo ianze kazi, na kwetu hiyo iliongeza karibu dakika nzima. Modemu iliyo macho hula data kidogo sana, zile hodi za ruta tu.

Hapo hapo kwenye mipangilio utakutana na maneno mawili: `Failover` na `Load Balance`. La kwanza linamaanisha modemu inakaa pembeni mpaka faiba ife. La pili linagawa kazi kwenye laini zote mbili kila siku. Kwa kazi ya nyumbani chagua la kwanza. Niliwahi kukuta mtu ambaye kifurushi chake cha akiba kilikuwa kinaisha kila baada ya siku nne na hajui kwa nini. Ruta yake ilikuwa kwenye `Load Balance`, na watoto walikuwa wanaangalia katuni kwa data ya dharura.

Baada ya sekunde hizo thelathini unakuwa umerudi hewani, na hapo ndipo swali la kasi linapoanza. Faiba ya shemeji inatoa megabiti 20 kwa sekunde kwenda na kurudi. Modemu, ikiwa nyuma ya televisheni, ilipima 14 kwenye kupakua na 2 tu kwenye kupandisha. Ukitazama namba ya kwanza utasema si mbaya. Yeye lakini hajiri kwa kupakua. Kazi yake ni kupandisha: faili la kadi likiwa na picha zake linafika megabaiti 300.

Fanya hesabu hii na faili lako mwenyewe. Megabaiti moja ni megabiti nane, kwa hiyo megabaiti 300 ni megabiti 2,400. Kwa faiba ya 20, gawanya: sekunde 120, yaani dakika mbili. Kwa modemu inayopandisha 2, sekunde 1,200, yaani dakika ishirini. Kazi ile ile, meza ile ile, mara kumi zaidi. Mteja hataona kwamba umehama laini. Ataona kwamba ulisema "nakutumia sasa hivi" na umepotea kwa dakika ishirini.

Kupandisha kunadhoofika kuliko kupakua kwa sababu ya nguvu ya sauti. Mnara una umeme mwingi na antena kubwa juu hewani, unasikika mbali. Modemu ya 4G inaruhusiwa kurusha kwa nguvu isiyozidi robo ya wati, kiwango kile kile cha simu ya mkononi. Mnara unaongea kwa kipaza sauti, modemu inajibu kwa kunong'ona. Ukiiweka modemu nyuma ya televisheni, kwenye chumba chenye kuta nene na madirisha ya nondo, mnong'ono huo unafika umechoka, na mnara unalazimika kuusikiliza polepole.

Kwa hiyo kabla ya kununua kifurushi kikubwa zaidi, hamisha modemu. Ingia kwenye ukurasa wake kwa kivinjari. Kwenye modemu nyingi za Huawei anwani ni `192.168.8.1`, na za kampuni nyingine imeandikwa chini kwenye kibandiko. Tafuta namba inayoitwa `RSRP`. Ni namba ya hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo nzuri. Karibu na -90 ni nzuri, -100 inafaa, ikipita -110 uko pabaya. Nyuma ya televisheni tulikuta -112. Tukanunua waya wa mtandao wa mita kumi, tukaiweka modemu kwenye dirisha la upande wa barabara kuu, ikawa -97. Kupandisha kulitoka 2 kukafika 4, na lile faili la dakika ishirini likawa la dakika kumi. Gharama ilikuwa waya.

Pima pia saa mbili usiku, usipime asubuhi tu. Mnara mmoja unagawana nguvu yake kwa wote walio chini yake, na usiku mtaa mzima upo nyumbani na simu mkononi. Sisi tulipata 14 asubuhi na 5 usiku kwenye kupakua. Na kumbuka kwamba siku faiba ya mtaa ikikatika, hutahamia kwenye mnara peke yako. Majirani wote waliokuwa kwenye waya ule ule watakuwa wamewasha data za simu zao. Kasi ya kuitegemea ni ile ya usiku, na uipunguze kidogo tena.

Kuna uzito mwingine ambao haumo kwenye namba za kasi. Wakati faili lile linapanda kwa modemu, shemeji alijaribu kupiga simu ya video kwa mteja, picha ikaganda na maneno yakawa yanafika vipande vipande. Tulipima muda wa hodi kwenda na kurudi. Modemu ikiwa tupu ilikuwa milisekunde 50 hivi, ambayo inafaa kabisa kwa mazungumzo. Faili likiwa linapanda, ilizidi milisekunde 800. Faili lilikuwa limeujaza mlango, na kila neno la simu linapanga foleni nyuma yake. Kwenye ruta nzuri kuna sehemu ya kuweka kikomo cha kasi kwa kila laini. Tuliweka modemu isipandishe zaidi ya megabiti 3, ilhali inaweza 4. Faili likachukua dakika kumi na tatu badala ya kumi, lakini simu ya video ikapita. Ruta yako ikiwa haina kikomo hicho, jiwekee sheria ya mkono: ukiwa kwenye laini ya akiba, ama unatuma faili kubwa ama unaongea na mteja kwa video, si vyote kwa pamoja.

Kuhusu kifurushi, watu huuliza GB ngapi zinatosha. Jibu linategemea nani ana ruhusa ya kuvuka. Chukua siku moja nzima ya kazi bila faiba. Mafaili manne ya megabaiti 300 ni GB 1.2. Saa moja ya simu ya video ni kama GB 1. Barua pepe, WhatsApp na kuperuzi, weka nusu GB. Jumla haifiki GB 3, na kwa mwezi wenye siku tatu mbaya GB 10 zinatosha na chenji inabaki. Sasa ongeza kamera moja ya ulinzi inayopeleka picha kwenye mtandao kwa megabiti 1 kwa sekunde bila kupumzika. Hiyo inakula karibu GB 11 kwa siku, peke yake, huku wewe umelala. Ongeza simu za watoto, televisheni, na Windows iliyoamua kujisasisha siku hiyo hiyo. Kifurushi cha mwezi kinakwisha kabla ya chakula cha mchana.

Kama ruta yako inaweza, ipangie kwamba ikiwa kwenye modemu ni kompyuta ya kazi na simu yako tu zinazopita. Kama haiwezi, tumia njia ya wazi: kompyuta ya kazi iwe kwenye jina moja la waifai, nyumba nzima kwenye jina jingine, na faiba ikikatika unalizima lile la nyumba. Kwenye Windows, washa `Metered connection` ukiwa kwenye laini ya akiba, na masasisho mengi yatasubiri. Kamera nazo zina jambo lao: zile unazozitazama kwa kuingia moja kwa moja nyumbani kutoka nje hazitafunguka ukiwa kwenye modemu, kwa sababu kampuni za simu kwa kawaida huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja na mtu wa nje hana mlango wa kugonga. Zile zinazotumia programu ya kampuni ya kamera zitaendelea, na zitaendelea kula data.

Kifurushi kina mtego mwingine ambao umewaangusha watu makini kabisa. Ujumbe wa kukumbusha kwamba kifurushi kinakaribia kuisha hutumwa kwenye laini, na laini iko ndani ya modemu. Hakuna anayeusoma. Tulipofungua ukurasa wa modemu ya shemeji tulikuta meseji arobaini na moja, nyingi za matangazo, na mbili za onyo. Weka kikumbusho kwenye kalenda ya simu yako, siku mbili kabla ya tarehe ya kuisha. Na usiiache laini ikae miezi bila kuongezwa salio, kwani laini isiyotumika hatimaye hufungwa.

Kurudi kwenye faiba nako kunahitaji mpango. Fundi anapounga waya barabarani, mwanga unaweza kurudi, ukapotea, ukarudi tena mara kadhaa ndani ya nusu saa. Ruta yenye haraka itamfuata kila mara, na wewe utakatika kila mara. Tuliipangia ruta ya shemeji ikae kwenye modemu mpaka faiba iwe imeitika bila kukosa kwa dakika tatu. Kurudi huko pia hukata simu iliyo hewani, ila kunakuwa mara moja.

Yapo matatizo ambayo laini ya simu haiyatibu, na ni vizuri kuyajua kabla ya kulipa. La kwanza ni umeme. Mara nyingi mtu husema intaneti imekatika kumbe kiboksi na ruta zimezimika tu, na faiba yenyewe ni nzima. Hapo unachohitaji kwanza ni betri ndogo ya ruta. Zile zinazouzwa madukani zikiwa zimeandikwa 8,800 mAh hubeba takriban wati-saa 32. Kiboksi, ruta na modemu kwa pamoja hula kama wati 18, kwa hiyo usitegemee zaidi ya saa moja na nusu. Soma kibandiko cha kila kifaa kabla ya kuchomeka, maana cha volti 9 kikipewa 12 kinaweza kuungua. Na umeme wa eneo zima ukikatika kwa saa nyingi, betri za mnara nazo huisha.

La pili ni kuchagua laini ya kampuni ile ile inayokuuzia faiba. Hitilafu ikiwa kwenye mitambo yao, vyote viwili vinalala pamoja. Chagua kampuni nyingine, ile yenye mnara unaosikika vizuri dirishani kwako. Jaribu kwa simu za majirani kabla ya kununua modemu; ni njia ya uhakika kuliko tangazo lolote.

La tatu liko mbali zaidi. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi nyingine za jirani. Faiba na simu vilizorota pamoja, kwa sababu safari zote mbili hatimaye huishia kwenye nyaya hizo hizo baharini. Siku kama hiyo laini ya pili haikusaidii sana. Kinachobaki ni simu ya kawaida, meseji za kawaida, na malipo kwa kubonyeza namba za nyota na reli ambazo hazihitaji data. Shemeji sasa ana daftari lenye namba za wateja wake wote na za fundi wa Kariakoo, maana zamani baadhi alikuwa nao kwenye Instagramu tu.

Miezi miwili baadaye faiba ya Tabata ilikatika tena, safari hii mchana wa Jumanne. Shemeji aligundua kwa sababu faili lilikuwa linapanda pole pole. Alimwandikia fundi: "Niko kwenye laini ya akiba, kadi zitakufikia saa nane na robo." Zilifika saa nane na dakika kumi na mbili.

Nawe una laini ya pili au unapanga kuinunua, tenga nusu saa Jumamosi hii asubuhi. Chomoa waya wa faiba chini ya kiboksi, usichomoe wa ruta. Hesabu sekunde mpaka ukurasa mpya ufunguke, halafu pima kasi ya kupandisha, na urudie kipimo hicho saa mbili usiku. Andika namba hizo kwenye karatasi, uibandike juu ya ruta. Dakika moja ikipita na hakuna kilichofunguka, ruta yako inatazama waya, na laini unayoilipia kila mwezi haifanyi kazi.